Kufasiri "purtroppo" na "mi dispiace" bila kuongeza wala kupunguza ukali wake

Msimu wa wageni ukikaribia, wanaofanya ukalimani wa Kiitaliano Malindi, Watamu na Kiwengwa huja na maswali yaleyale. *Purtroppo* ni "kwa bahati mbaya" au ni "samahani"? *Mi dispiace* ni "pole" au "nasikitika"? Kamusi inatoa majibu yote manne kisha inakuacha hapohapo njia panda.

Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya upande mmoja tu: ujumbe unaotoka Kiitaliano kwenda Kiswahili, pale Mwitaliano anapokataa au anapopinga jambo kwa upole. Makosa ya upande huu hugharimu pesa. Fundi aliyekataliwa kabisa anasoma tafsiri yako, anaona kama bado ana nafasi, anakwenda kununua mbao. Au mwenye mashua amepingwa kidogo tu kuhusu bei, tafsiri inamfikia kama tusi, biashara inakufa.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Ujumbe mzima, pamoja na ule unaojibiwa. Sentensi moja ya kukataa iliyotumwa peke yake haifasiriki vizuri.
- Nani anamwambia nani. Tazama kama Mwitaliano ametumia *tu* (wamezoeana) au *Lei* (anaheshimu, au bado hawajajuana).
- Msomaji atafanya nini baada ya kusoma: atasubiri, atatafuta mteja mwingine, atapunguza bei?
- Kalamu ya kupigia mstari. Kamusi iwe karibu, lakini usiifungue kabla ya hatua ya tatu.

1. Tafuta "hapana" ilipojificha

Mwitaliano mwenye adabu hasemi *no* mara nyingi. Kukataa kwake kumo ndani ya kitenzi: *non posso*, *non riesco*, *non ci è possibile*, *non siamo in grado di*. Kipigie mstari kitenzi hicho, ukifasiri kwanza kikavu kikiwa peke yake, ndipo uanze kufikiria mapambo. Ukianza na mapambo utajikuta una sentensi tamu isiyokataa chochote.

Angalia wakati wa kitenzi chako. "Siwezi" ni kali, na kwa wazee wa Pwani "hawezi" maana yake mgonjwa, kwa hiyo "siwezi kuja" inaweza kumfanya mtu akutumie uji. "Sitaweza kuja" ni laini zaidi na inakaa vizuri mahali pa *non riesco a venire*, ambayo inabeba fununu kwamba mtu amejaribu kupanga ikashindikana. Vivyo hivyo, "haiwezekani" ni neno la kugonga meza. "Haitawezekana" linakataa vilevile bila kugonga.

Kuna ujumbe usio na kitenzi cha kukataa hata kimoja: *vediamo*, *ci devo pensare*, *Le faremo sapere*, *magari un'altra volta*. (Hiyo *magari* haina uhusiano wowote na gari. Ikianza sentensi ni "labda" au "pengine", na ikisemwa peke yake kwa mshangao, *magari!*, ni "laiti!".) Hapa Mwitaliano hajakataa kwa mdomo, nawe usimkatalie. *Vediamo* iwe "tutaona", *Le faremo sapere* iwe "tutakujulisha". Hakuna msikilizaji wa Kiswahili asiyejua "tutaona" inamaanisha nini. Mwachie aisome mwenyewe.

2. Pima kama mlango umefungwa au umerudishwa tu

Tafuta vitu viwili. Je, kuna kikomo cha muda, kama *per ora*, *al momento*, *per quest'anno*? Je, kuna pendekezo lingine, kama siku nyingine, bei nyingine au mtu mwingine? Kikiwapo kimoja, mlango umerudishwa, na lazima kitokee kwenye Kiswahili: "kwa sasa", "kwa mwaka huu". Kisipokuwapo hata kimoja, mlango umefungwa, hata kama ujumbe una *mi dispiace moltissimo* tatu.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usiongeze "kwa sasa" au "inshallah" ambayo haimo. Tunaziongeza bila kujijua, kwa sababu kumkatalia mtu mkavu mkavu kunatutia haya. Lakini "inshallah" inamfungulia mlango mtu ambaye Mwitaliano amekwisha kumfungia, na atakayepigiwa simu kila wiki ni wewe.

3. Amua *purtroppo* inafanya kazi gani

*Purtroppo* ni kengele. Ikija mwanzoni mwa sentensi, Mwitaliano anayesikiliza anajua jibu kabla kitenzi hakijafika. Kwa Kiswahili kengele hiyo ina sura tatu, na unachagua kwa kuuliza nani amesababisha.

Kama kisa kiko nje ya uwezo wa watu wote wawili, "kwa bahati mbaya" inatosha kabisa. *Purtroppo il volo è stato cancellato*: "Kwa bahati mbaya, safari ya ndege imefutwa."

Kama aliyekataa ndiye mwenye uamuzi, tumia "samahani", au anza na shukrani kisha "ila" au "hata hivyo". *Purtroppo non compriamo più da privati*: "Samahani, siku hizi hatununui tena kwa mtu mmoja mmoja." Ukiweka "kwa bahati mbaya" hapa hujakosea sarufi, na barua nyingi za ofisini zinaiandika hivyo. Tabu ni kwamba msikilizaji anaweza kuichukua kama shida ya kutatuliwa. Atajibu, "Bahati mbaya gani? Niambie, tutaangalia." Mwitaliano naye anajificha nyuma ya hali ilivyo anaposema *purtroppo*, ila wenzake wamezoea mchezo huo na hawamfuati nyuma ya pazia.

Kama ni habari nzito kweli, kifo au ugonjwa mkubwa, panda hadi "kwa masikitiko". Usilitumie neno hilo kwa chumba kilichojaa. Masikio yetu yamelizoea kwenye matangazo ya vifo, na mgeni aliyekosa chumba hajafiwa.

4. Ligawe *mi dispiace* kabla ya kulifasiri

Jiulize: jambo baya limempata nani?

Likimpata anayeambiwa, na msemaji hahusiki, ni "pole". Mgeni anasema mkoba wake haujafika, mhudumu wa mapokezi anajibu *mi dispiace*: "Pole sana." Kwa Kiswahili pole haimtii lawamani anayeisema, na kwa Kiitaliano *mi dispiace* nayo haimtii. Hapo zinalingana vizuri kupita kawaida.

Likiwa ni kukataa, ni "samahani". *Mi dispiace, ma siamo al completo*: "Samahani, tumejaa." Ukisema "pole, tumejaa", anayetafuta chumba atahisi unamcheka.

Ikiwa ni barua rasmi yenye *siamo spiacenti di informarLa* au *ci dispiace comunicarLe*, ni "tunasikitika kukufahamisha". Hii ni barua kwa barua, usihangaike.

Sasa onyo. "Naomba radhi" na "tunaomba msamaha" zina uzito kuliko *mi dispiace*, kwa kuwa zinakiri kosa. Mwitaliano anayekiri kosa hutumia *mi scuso*, *chiedo scusa* au *è colpa mia*. Kama mzozo unahusu malipo au ajali, tofauti hii si ya adabu tena. Umeandika "tunaomba msamaha" mahali pa *ci dispiace per l'accaduto*, na upande wa pili umeisoma kama kukubali kulipa.

Kuna pia *non mi dispiace*, ambayo si kukataa hata kidogo. Mtu akionyeshwa kinyago akasema hivyo, anasema "si kibaya, kinanipendeza kiasi". Muuzaji asikate tamaa.

5. Usikimbilie -nge-

Kiitaliano hulainisha kwa kitenzi cha masharti, na wanaoanza hukiona wakaweka -nge- kila mahali. Wakati mwingine inakubali. *Verrei volentieri, ma lavoro*: "Ningependa sana kuja, ila nina kazi." *Forse sarebbe meglio partire prima*: "Nadhani ingefaa tuondoke mapema." Hapa -nge- na upole wa Kiitaliano vinakwenda pamoja.

Lakini *avrei un impegno* si "ningekuwa na shughuli". Kwa Kiswahili, ningekuwa nayo maana yake sinayo, kwa hiyo umemfanya mtu aliyekataa mwaliko aonekane yuko huru kuja. Anasema ana shughuli, anaogopa tu kuisema kwa kishindo. "Nina shughuli kidogo siku hiyo." Hilo "kidogo" ndilo linalofanya kazi ya kitenzi cha masharti. Vivyo hivyo *direi di no* si "ningesema hapana", bali "mimi naona hapana".

Mtego wa jirani ni *temo*. *Temo che non sia possibile* haimaanishi mtu anaogopa chochote. "Nadhani haitawezekana" inatosha.

6. Kupinga kwa upole

Kupinga ni kugumu kuliko kukataa, kwa sababu maneno ni madogo.

*Non credo che...* ndiyo rahisi: "sidhani kama..." Lugha zote mbili zinahamishia kikanushi kwenye kudhani ili jambo lenyewe lisiguswe. *Non sono del tutto d'accordo* ina "del tutto", yaani "kabisa", na mtu asiyeangalia ataandika "sikubaliani kabisa". Hiyo imepindua maana: kwa Kiswahili umesema hukubali hata chembe. Andika "nakubali kwa sehemu, ila..." au "kuna pale sijakubaliana nawe". Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye mikataba midogo ya nyumba za kupangisha, na huwasha moto bila sababu.

*Non sono molto convinto* ni kukataa zaidi kuliko linavyoonekana. Mwenye villa akimwambia hivyo mchoraji wa ramani, kazi inarudiwa. "Bado halijanikaa sawa" ina uzito huo. "Sijashawishika sana" ni Kiswahili sahihi, lakini inamfanya mchoraji aanze kumshawishi.

*Veramente* mwanzoni mwa sentensi ni kusahihisha, si kuapa. *Veramente avevamo detto alle nove*: "Nadhani tulisema saa tatu." Au kwa waliozoeana: "Si tulisema saa tatu?" Ukianza na "kweli kabisa" utakuwa umekubali badala ya kupinga. (Na usisahau kugeuza saa. *Alle nove* asubuhi ni saa tatu, na adabu zote hazitamsaidia aliyekuja saa tisa.)

*Mah* na *insomma* haviandikiki. Mtu ameulizwa chakula kilikuwaje, akajibu *insomma*. Hakukipenda. "Hivyo hivyo tu" inafika.

7. Mpe mtu cheo chake, kisha panga upya

Kiswahili hakina *Lei*. Heshima yake inahamia kwenye jina la kumwitia mtu: Bwana, Bi, Mzee, Mama, Kapteni, Fundi. *Mi dispiace, non posso* iliyosemwa kwa *Lei* kumwambia nahodha wa makamo ni "Samahani Kapteni, sitaweza". Bila "Kapteni" umeshusha heshima ambayo Mwitaliano aliiweka. Kwa *tu*, jina la mtu au "rafiki yangu" linatosha.

Kuhusu mpangilio: Mwitaliano akiwa anaongea anaweza kutanguliza kukataa na kuleta sababu baadaye, *no, mi dispiace, non posso, ho un impegno*. Sisi tunapenda sababu ije kwanza. Kwenye maandishi, badilisha: "Samahani, nina shughuli, sitaweza." Kwenye ukalimani wa papo kwa papo usisubiri, sema kwa mpangilio wake, na uache sauti yako ilainishe.

Punguza pia matabaka. *Mi dispiace molto, ma purtroppo temo che non sia possibile* ina vilainishi vitatu, na kwa Kiitaliano ni kawaida. Ukivifasiri vyote, msikilizaji ataona anachezewa. "Samahani sana, nadhani haitawezekana" inabeba uzito wote.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Fundi samani amewaandikia wenye nyumba ya wageni akiwapa bei ya vitanda. Wamejibu hivi:

> Gentile signore, La ringraziamo molto per la Sua proposta, che abbiamo letto con interesse. Purtroppo il programma di quest'anno è già definito e non siamo in grado di accogliere la Sua offerta. Ci dispiace. Magari potremmo risentirci in autunno. Cordiali saluti

Kitenzi cha kukataa ni *non siamo in grado di accogliere*: hatutaweza kupokea. Kikomo kipo, *di quest'anno*, na mwishoni kuna mwaliko wa mbali, kwa hiyo mlango umerudishwa. Uamuzi ni wao, kwa hiyo "kwa bahati mbaya" tunaiacha.

*Letto con interesse* ni adabu ya barua. "Limetuvutia sana" ingempa fundi matumaini ya bure. "Tumelisoma kwa makini" inatosha. *Potremmo* haimwahidi chochote, kwa hiyo "tutawasiliana" ni marufuku hapa. *Autunno* kamusi itakupa "vuli", na msomaji wa Malindi atafikiria mvua za vuli. Taja mwezi.

> Bwana, tunakushukuru sana kwa pendekezo lako. Tumelisoma kwa makini. Hata hivyo, mipango yetu ya mwaka huu imeshakamilika, kwa hiyo hatutaweza kulipokea. Samahani kwa hilo. Pengine tunaweza kuwasiliana tena kuanzia mwishoni mwa Septemba. Wasalaam.

*Purtroppo* imegawanyika: nusu ya kengele imeingia kwenye "hata hivyo", nusu nyingine imejiunga na *ci dispiace* ndani ya "samahani kwa hilo". Fundi akimaliza kusoma anajua asinunue mbao, na anajua mwezi wa kuandika tena.

Mambo yakienda mrama

*Msikilizaji anauliza, "Kwa hiyo ni ndiyo au hapana?"* Umelainisha kitenzi chenyewe. Rudi hatua ya 1, kaza kitenzi ("hatutaweza"), na uache "samahani" ilipo.

*Amenuna.* Tazama kama umeanza na "hapana", kama umeandika "haiwezekani", au kama umeacha cheo chake. Mara nyingi ni la tatu.

*Anajitolea kusaidia kutatua tatizo lisilokuwapo.* Ni "kwa bahati mbaya" imetumika mahali pa "samahani".

*Mgeni amekataa chakula na mwenyeji ameudhika.* *No, grazie* iliyofasiriwa "hapana, asante" ni kavu mno mezani. *Sono a posto così* na *no, grazie* zote ziwe "Asante, nimeshiba" au "nimetosheka". *Non vorrei disturbare* iwe "nisikusumbue", na mwambie mgeni kwamba mwenyeji atasisitiza mara ya pili, asidhani hajaeleweka.

*Ndiyo na hapana zimebadilishana.* Hili hutokea kwenye maswali ya kukanusha. Mteja anauliza, "Hakuna nafasi?" Mwitaliano anajibu *no, purtroppo*, yaani hakuna. Kwa Kiswahili aliyeulizwa hivyo angejibu "ndiyo, hakuna". Upande mwingine, ukiuliza *siete al completo?* utajibiwa *purtroppo sì*, ambayo ni "ndiyo" inayokataa. Usifasiri *sì* wala *no* katika majibu haya. Rudia kitenzi: "Samahani, hakuna nafasi", "Samahani, tumejaa".

*Mwitaliano analalamika kwamba yeye kasema maneno manne na wewe umesema dakika nzima.* Mweleze kwamba uliongeza salamu na cheo, na umhakikishie kwamba hukuongeza ahadi yoyote. Kama uliongeza ahadi, mwambie sasa hivi, kabla nahodha hajaondoka kwenda kuandaa mashua.